Funga Kitabu Kwanza: Kusema la Mwenzio kwa Maneno Yako

(Hotuba kwa wanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa kwanza, Kampala. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, pamoja na machache niliyoyasema bila karatasi.)

Mkuu wa idara, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliobanana viti vya nyuma kana kwamba huku mbele amekaa mdai wenu, hamjambo. Assalaamu aleikum.

Nimeombwa nizungumzie wizi wa kitaaluma. Mada hiyo ni pana, na nikiifuata yote tutakesha. Nitachukua kona moja tu, ile inayowaangusha watu wasio na nia ya kuiba: umemnukuu mwandishi, mwalimu amekuandikia pembeni kwa wino mwekundu “weka kwa maneno yako”, nawe umekaa mbele ya ile nukuu hujui pa kuanzia.

Niliangukia hapo hapo. Mwaka wangu wa kwanza niliandika insha kuhusu kuenea kwa Kiswahili nchini Uganda. Kitabu nilichokitegemea kilikuwa cha Kiingereza. Nilikaa nacho maktaba siku mbili, kamusi upande wa kushoto, kitabu upande wa kulia, nikahamisha sentensi moja baada ya nyingine. Mwisho wa kila aya nikaandika jina la mwandishi na mwaka, maana hilo nilikuwa nimeshafundishwa. Nilijiona msomi. Mhadhiri akaniita ofisini, akafungua kile kitabu, akaniambia, “Mimi nitasoma sentensi yake, wewe utasoma yako.” Tukaanza. Akasoma, nikasoma. Akasoma, nikasoma. Tulipofika sentensi ya nne sauti ikaniishia. Akafunga kitabu akasema, “Kijana, umefanya kazi ya mkalimani, na mimi sikutangaza nafasi ya mkalimani.”

Nilimjibu kwa haraka kwamba jina la mwandishi nimelitaja. Na hapo ndipo nilipofundishwa jambo ninalowaletea leo. Unapochukua kwa mwandishi unaweza kudaiwa madeni mawili. Kuna deni la wazo na kuna deni la maneno. Jina, mwaka na ukurasa hulipa deni la wazo. Deni la maneno hulipwa na alama za mtajo, yaani zile alama mbili mbili zinazofungua na kufunga usemi. Ukiandika jina bila alama za mtajo, unamwambia msomaji hivi: wazo ni la bwana yule, lakini namna ya kulisema ni yangu. Mimi namna ya kulisema haikuwa yangu. Mpangilio wa sentensi ulikuwa wake, mfululizo wa hoja wake, hata mifano yake ilikuja kwa zamu ile ile. Mimi nilibadilisha lugha tu. Kwa hiyo deni moja nililipa, la pili nikalikimbia mchana kweupe.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu wengi wenu mnasoma Kiingereza na kuandika Kiswahili. Mtu hujiambia, “Hakuna hata neno langu moja lililomo kwenye kitabu chake, nimeiba nini?” Umechukua mifupa. Ile programu ya kompyuta mnayoiogopa, Turnitin na wenzake, kazi yake kubwa ni kulinganisha mfuatano wa maneno na maandishi mengine iliyoyahifadhi. Tafsiri kama yangu ingeweza kuipita bila kuguswa. Na insha ya mwenzako aliyenukuu kihalali, na alama zake zote, inaweza kutoka na asilimia kubwa. Asilimia ile inapima kufanana, haipimi uaminifu. Anayezungusha maneno ili namba ishuke anatibu kipimajoto badala ya mgonjwa.

Sasa tuingie kazini. Kila mwaka nawapa wanafunzi wapya kifungu kimoja cha zoezi. Nimekiandika mwenyewe, lakini kwa ajili ya mazoezi tumpe mwandishi jina, tumwite Fulani, na tuseme ameandika mwaka 2014, ukurasa wa 37. Kinahusu magugu maji, jambo ambalo kila mtu aliyekulia karibu na ziwa anayajua kwa macho. Kinasema hivi:

“Magugu maji yalipoonekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, yalienea kwa kasi kwa sababu yalikuta ziwa limeshibishwa taka za mijini na mbolea za mashambani, na kwa sababu wadudu wanaoyatafuna kwao Amerika Kusini hawakuwapo huku. Uganda ilianza kuwaachilia fukusi wa magugu hayo ziwani humo mwaka 1995, na kufikia mwisho wa muongo huo eneo kubwa lililokuwa limefunikwa lilikuwa wazi tena. Hata hivyo, huenda mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliharakisha anguko hilo.”

Sentensi tatu tu. Nawaambia: andikeni upya kwa maneno yenu, mkimtaja Fulani. Wengi huniletea kitu kama hiki:

“Nyasi za majini zilipojitokeza katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya themanini, zilisambaa upesi kwa kuwa zilikuta ziwa limelishwa uchafu wa mijini na mbolea za shambani, na kwa kuwa vijidudu vinavyozila huko Amerika Kusini havikuwepo hapa (Fulani 2014: 37).”

Wekeni sentensi hii chini ya ile ya Fulani, neno chini ya neno, mtaona. “Yalipoonekana” imekuwa “zilipojitokeza”. “Kwa kasi” imekuwa “upesi”. “Kwa sababu” ya kwanza imekuwa “kwa kuwa”, na “kwa sababu” ya pili nayo ikawa “kwa kuwa”, mahali pale pale. Nyumba ni ile ile. Mwanafunzi amepaka rangi milango. Mtafiti wa Kimarekani, Rebecca Moore Howard, aliandika sana kuhusu tabia hii miaka ya 1990, akaipa jina ambalo kwa Kiswahili naliita uandishi wa viraka: unanakili, unaondoa neno hapa, unabandika kisawe pale. Namheshimu kwa jambo moja zaidi. Alisisitiza kwamba mara nyingi anayefanya hivi ni mwanafunzi anayejifunza lugha ya taaluma asiyoizoea bado, na si mwizi. Nakubaliana naye. Ila insha utakayoipeleka mwisho wa muhula hakuna atakayeisahihisha kwa huruma hiyo, kwa hiyo viraka vibaki kwenye daftari la mazoezi.

Na visawe vina hasara nyingine, ambayo kwetu watu wa Kiswahili ni aibu kubwa kuliko wizi wenyewe. Tazama mwanafunzi wangu alivyofanya. Aliogopa kuandika “wadudu” kwa kuwa Fulani ameliandika, akatafuta neno jingine, akatia “vijidudu”. Wadudu wanaosemwa pale ni fukusi, na fukusi ni mdudu unayemwona kwa macho, ndugu wa wale wanaotoboa mahindi ghalani. Vijidudu ni vile vya maradhi, vinavyotafutwa kwa darubini. Kwa kalamu moja, ukifika sentensi ya pili, Uganda imeacha kumwaga wadudu ziwani ikamwaga ugonjwa! Na “nyasi za majini” si magugu maji. Ziko nyasi nyingi za majini, na baadhi ni za kwetu tangu asili.

Majina ya vitu hayana mwenyewe. Ziwa Viktoria, fukusi, magugu maji, El Niño, mwaka 1995: yaache kama yalivyo, huhitaji alama za mtajo wala visawe. Hata ukweli kwamba Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 hauhitaji kumtaja mtu. Kinachohitaji jina ni pale mtu anapofanya jambo na ukweli huo: anapoueleza sababu, anapoupima, anapoupinga. Fulani hakuigundua El Niño. Mchango wake katika kifungu kile ni kusema kwamba huenda El Niño nayo ina sehemu yake katika kupungua kwa magugu. Hilo ndilo unalomkopa.

Na kuna maneno ambayo ni yake kweli kweli. Aliposema ziwa “limeshibishwa taka”, hakutumia istilahi. Ametunga picha: ziwa kama mtu aliyelazimishwa kula. Mtaalamu mwingine angesema tu kwamba rutuba iliongezeka majini. Ukiipenda picha hiyo, ichukue, lakini ivike alama za mtajo, hata kama ni maneno mawili tu. Wanafunzi huniuliza ni maneno mangapi mfululizo yanaruhusiwa, matatu au matano? Wamesikia hesabu za aina hiyo mitaani. Hesabu haisaidii. Unaweza kukutana naye kwenye maneno saba, “katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya”, na usimkosee, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kusema. Na unaweza kumwibia kwa mawili.

Basi tufanyeje? Njia niliyoipata mimi ilitoka mahali nisipopatarajia. Baada ya ile fedheha ya ofisini, nilirudi bwenini nikiwa nimenuna. Mwenzangu wa chumba, msomaji wa uhandisi asiyejua mambo ya lugha hata kidogo, akaniuliza kwa Kiganda, “Hicho kitabu kinasemaje hasa?” Nikamweleza kwa Kiganda, kitabu kikiwa kimefungwa chini ya mto. Nilimaliza kwa muda mfupi. Na nilipokaa kuandika yale niliyomwambia, nikaona hakuna sentensi hata moja iliyofuata njia ya kitabu. Nilianza na kilichokuwa mwisho, kwa sababu ndicho mwenzangu alichokitaka. Vingine niliviacha, kwa sababu havikumhusu.

Mtashangaa: lugha ya pili ndiyo iliyoniingiza shimoni, na lugha ya pili ndiyo iliyonitoa. Tofauti ni kitabu kilikuwa wazi au kimefungwa. Ukitafsiri huku jicho liko kwenye ukurasa, sentensi ya mwandishi inakushika mkono na kukutembeza. Ukisimulia kwa kichwa, tena kwa Kiganda au Kiteso au Kinubi, ile sentensi ya mwanzo haina pa kushika. Kinachovuka ni maana peke yake. Sisi Waganda na Wauganda wengine wote tunaishi ndani ya lugha tatu nne kwa siku. Wenzetu wa nchi za lugha moja hawana chombo hiki.

Kwa hiyo soma kifungu mara mbili. Mara ya kwanza ili ukielewe, ya pili ukijiuliza: insha yangu inamtaka Fulani kwa kazi gani? Funga kitabu. Kifunge kweli, usikigeuze tu kifudifudi. Mweleze mtu, au jieleze mwenyewe ukitembea. Kisha andika, ndipo ufungue kitabu tena na ukague.

Lile swali la kazi gani ndilo linaloamua sura ya sentensi yako. Tuseme insha yako inauliza kama vita vya kupambana na magugu kwa kutumia wadudu vilifaulu. Habari ya mbolea na taka haikuhusu sana. Utaandika:

“Fulani (2014: 37) hawapi fukusi sifa yote. Anakubali kwamba magugu yalipungua sana ndani ya miaka michache tangu Uganda ilipowaachilia mwaka 1995, lakini anaona kuwa hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998 huenda nayo ilichangia.”

Mwenzako insha yake inauliza chanzo cha janga. Yeye ataandika kingine kabisa kutoka sentensi zile zile:

“Kwa maelezo ya Fulani (2014: 37), mambo mawili yalikutana: mmea uliofika bila maadui zake, na ziwa ambalo watu walikuwa wamekwisha ‘limeshibishwa taka’.”

Mmeona kosa? Kuna aliyecheka kule nyuma. Sentensi imepinda, “walikuwa wamekwisha limeshibishwa” si Kiswahili. Nimeiacha makusudi, kwa sababu ndivyo inavyotokea ukipachika maneno ya mtu bila kuangalia sarufi ya sentensi yako. Vitenzi vyetu vimebeba nafsi, wakati na ngeli ndani yake, havikubali kuhamishwa ovyo kama matofali. Panga upya ili nukuu iingie nzima: “na ziwa ambalo, kwa maneno yake, lilikuwa ‘limeshibishwa taka’.” Sasa inasomeka.

Tazameni pia kwamba hakuna anayeweza kuiweka sentensi ya kwanza ya Fulani chini ya sentensi hii na kuzilinganisha neno kwa neno. Sababu ya pili imetangulia, ya kwanza imefuata, tarehe haimo kwa kuwa haikuhitajika. Hata hivyo Fulani mwenyewe akipita na kuisoma atasema, “Naam, ndivyo nilivyosema.” Hicho ndicho kipimo changu.

Na kipimo hicho kina upande wa pili, ambao walimu tunausahau kwa kuwa macho yetu yote yako kwenye wizi. Mwaka juzi mwanafunzi mmoja aliniletea hii: “Fulani (2014: 37) anathibitisha kwamba fukusi ndio waliomaliza magugu katika Ziwa Viktoria.” Maneno yote ni yake, hajaiba hata herufi. Lakini Fulani hakusema hivyo! Alisema magugu yalipungua baada ya fukusi, kisha akatia “hata hivyo” na “huenda”. Mwanafunzi amezitupa “hata hivyo” na “huenda” njiani, akamfanya Fulani shahidi wa jambo asiloliapia. Nalichukia kosa hili kuliko viraka. Mwenye viraka amechukua cha mtu. Huyu amemsingizia mtu. Ukifungua kitabu kukagua, tafuta kwanza hivyo vineno vidogo: huenda, yaelekea, yamkini, baadhi, mara nyingi, hata hivyo. Ndivyo vinavyodondoka kwanza mtu anapofupisha.

Tena tazameni kitenzi alichokichagua: “anathibitisha”. Kiswahili kimetupa vitenzi vingi vya kumleta mtu azungumze, na kila kimoja kina rangi yake. “Anaeleza” hakina upande. “Anadai” kinamwambia msomaji kwamba wewe mwenyewe una shaka naye. “Anakiri” ni kana kwamba alibanwa akasema, kwa hiyo usikitumie ila pale anapokubali jambo linaloipunguzia nguvu hoja yake. “Anathibitisha” maana yake amekata mzizi wa fitina. Kwa kifungu chetu ningesema “anaeleza” kwa sentensi mbili za mwanzo na “anakisia” kwa ile ya mwisho. Badilisha kitenzi hicho kimoja, umeshabadilisha alichosema Fulani, hata kama yaliyobaki yote umeyaweka sawa.

Wale tuliosoma madrasa, mimi nilisoma Bombo, jambo hili si geni kwetu. Wanazuoni wa hadithi walijadiliana sana kama mpokezi anaweza kusimulia kwa maana bila kuyashika maneno yenyewe. Wengi waliruhusu, kwa sharti kwamba msimulizi awe anaijua lugha na anajua kipi kikibadilika kitaiharibu maana. Na aliyesimulia kwa maana alikuwa na desturi ya kumalizia kwa kusema “au kama alivyosema”, ili msikilizaji ajue kwamba maana ameipata, lakini asiyashike maneno yale kama ndiyo yenyewe. Mlolongo wa wapokezi nao ulitajwa: nimepokea kwa fulani, naye kwa fulani.

Huo mlolongo unanipeleka kwenye nukuu iliyo ndani ya nukuu. Tuseme ukurasa wa 38 Fulani ananukuu ripoti ya maofisa wa uvuvi iliyoandikwa mwaka 1998, inayosema boti zilishindwa kutoka bandarini. Hiyo ripoti hujaiona na huna njia ya kuiona. Wewe unataka kuitumia kwa maneno yako. Wanafunzi wengi huandika “Ripoti ya maofisa wa uvuvi (1998) inaeleza kuwa…” na kuiweka kwenye marejeleo kana kwamba waliishika mkononi. Hapo umeruka mpokezi mmoja. Sema: “Kwa mujibu wa ripoti ya 1998 iliyonukuliwa na Fulani (2014: 38), boti zilikwama bandarini.” Kwenye orodha ya marejeleo anaingia Fulani peke yake, kwa kuwa ndiye uliyemsoma. Ukifanikiwa kuipata ripoti yenyewe, ni bora zaidi: isome, na Fulani umpumzishe. Mara nyingine utakuta Fulani aliikata mahali pabaya.

Sasa mipaka. Mtu anaandika aya ya mistari kumi, mwisho kabisa anatia (Fulani 2014: 37) kama muhuri wa posta. Mimi msomaji najuaje ni mistari ipi ya Fulani na ipi yako? Labda yote. Labda ule wa mwisho tu. Fungua mlango kwa jina na uufunge kwa ukurasa: “Fulani anaeleza kwamba… (2014: 37).” Ukiendelea naye sentensi ya pili, sema “anaongeza” au “kwa maoni yake”. Ukirudi kwako, mwambie msomaji kwamba umerudi: “Maelezo haya hayagusi ufuo wa Kenya, ambako…” Hapo kila mtu anajua Fulani ameshuka kituoni na sasa dereva ni wewe. Ikiwa chuo chenu kinataka mtindo fulani wa marejeleo, fuateni huo. Penye mabano na penye nukta patatofautiana, mpaka wa usemi hautofautiani.

Nitaje na daftari, kwa kuwa naamini wizi mwingi usiokusudiwa huzaliwa humo. Unasoma leo, unanakili mistari mitano mizuri bila alama za mtajo kwa kuwa “nitakumbuka”. Wiki tatu baadaye, usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi, unafungua daftari unakuta mistari mitano iliyoandikwa kwa mwandiko wako. Unajisifu kimoyomoyo: kumbe nilikuwa na akili! Unaihamishia kwenye insha. Dawa yangu ni herufi moja pembeni ya kila ninachoandika. N ni nukuu, neno kwa neno. M ni maana yake, maneno yangu. Y ni yangu, wazo lililonijia nikisoma. Na namba ya ukurasa pale pale, kwa zote mbili za mwanzo, kwa sababu kuirudia maktaba nzima kutafuta ukurasa mmoja ni adhabu nimeshaitumikia.

Kabla sijakaa: si kila nukuu igeuzwe. Shairi usiligeuze; vina na mizani vikivunjika umebaki na habari, na mshairi hakuandika habari. Kifungu cha sheria usikigeuze, kwa kuwa mahakamani watu hugombania neno moja. Na kama insha yako inapinga namna mtu alivyosema jambo, msomaji lazima ayaone maneno yake mwenyewe. Penginepo pote, geuza. Insha yenye nukuu ndefu nane kwa kurasa sita ni mkutano ambao mwenyeji hapati nafasi ya kuzungumza.

Nikafungua maswali. Kijana mmoja akauliza: “Mwalimu, kitabu nimekifunga, nimeandika, nikifungua nakuta sentensi yangu imetoka sawasawa na yake. Nifanye nini?” Nikamwambia inatokea, hasa kwa sentensi fupi iliyotulia, kwa sababu sikio lako limeinasa. Tia alama za mtajo, taja ukurasa, endelea na safari. Usianze kuivuruga sentensi nzuri ili tu isifanane, utaishia kwenye vijidudu.

Mwingine akauliza kuhusu maelezo ya mhadhiri darasani. Nikamjibu kwamba wazo la mhadhiri nalo ni la mtu, linatajwa kwa jina lake na tarehe ya mhadhara. Ila kama mhadhiri mwenyewe alilitoa kitabuni, nenda kitabuni.

Wa mwisho alikuwa dada mmoja aliyekaa mbele tangu mwanzo, akiandika kila kitu. Alisimama akasema, “Shikamoo mwalimu. Nataka kukitumia kile kifungu cha magugu kwenye insha yangu ya Ijumaa. Kwenye marejeleo nimwandike Fulani wa 2014?”

Ukumbi ukacheka, lakini swali lilikuwa zuri. Nikamwambia: “Marahaba, binti yangu. Fulani hayupo, usimtie kwenye orodha. Kifungu ni changu, nimekisoma mbele yenu leo, kwa hiyo andika jina langu na tarehe ya leo. Halafu nenda maktaba utafute waliofanya utafiti wenyewe wa magugu hayo, kwa sababu mimi ni mwalimu wa lugha, na juu ya fukusi hupaswi kuniamini sana.”